Kabla hujaitupa printa, tenganisha majina ya Wi-Fi

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba tangu abadilishe ruta, printa yake ya miaka mingi inakataa kuunganishwa. Jina la mtandao ni lilelile, nywila ni ileile, simu zote zinaingia bila taabu. Fundi amemwambia printa imechoka, anunue nyingine. Nasema wazi: ushauri huo unaniudhi, kwa sababu maelezo haya yananuka tatizo la ruta, si la printa.

Ruta nyingi za sasa hutangaza jina moja kwa bendi zote mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, kisha hujaribu kuvisukuma vifaa kwenye ile ya 5 iliyo na kasi zaidi. Kwenye mipangilio utaliona jambo hili likiitwa Smart Connect au Band Steering. Shida ni kwamba katika Wi-Fi anayechagua bendi ni kifaa. Ruta haina amri juu yake. Inaweza kukiomba kihame, kwa utaratibu wa 802.11v, lakini vifaa vingi vya zamani havijui lugha hiyo. Hapo ruta hutumia nguvu: kifaa kinapobisha hodi kwenye 2.4, inajitia hamnazo, au inakikataa waziwazi, ikitarajia kwamba kitajaribu 5.

Sasa fikiria printa isiyo na redio ya 5 kabisa. Ruta haina njia ya uhakika ya kulijua hilo mapema; hukisia tu, kwa kuwa haijawahi kuisikia kwenye 5. Kwa kawaida baada ya kubisha mara kadhaa huifungulia. Simu itavumilia. Printa ya zamani, plagi ya Wi-Fi au kamera ndogo huenda ikakata tamaa mapema, na nyingine huonyesha ujumbe kwamba nywila si sahihi. Ndipo watu wanapohangaika kuandika nywila upya usiku kucha.

Dalili zake zinajulikana: kifaa kinaingia leo na kukataa kesho bila wewe kugusa chochote, au kinaingia ukikizima na kukiwasha mara nyingi. Kupima ni rahisi. Zima Smart Connect, acha jina na nywila vilevile kwenye bendi zote mbili, kisha iwashe printa upya. Ikiingia mara moja, na ikaendelea hivyo siku zinazofuata, umempata mchawi. Na kama simu zako bado zinachagua 5 zenyewe, ishia hapo; huna haja ya majina mawili.

Ikiendelea kukataa, tazama usalama. Baadhi ya ruta, Smart Connect ikiwa imewashwa, hulazimisha bendi zote zitumie mpangilio mmoja wa usalama, na ukiwa ni WPA3, ule mpya, peke yake printa ya zamani haitaingia kamwe. Hata mseto wa WPA2/WPA3 huvichanganya baadhi ya vifaa. Weka 2.4 kwenye WPA2 yenye AES. Usirudi kwenye TKIP, usimbaji wa zamani, maana inaiteremsha bendi hiyo hadi kasi za kizamani.

Kuna kundi la pili linalosahaulika: vifaa vya zamani vyenye bendi zote mbili. Chukua tableti iliyo chumba cha mwisho, kuta mbili kutoka kwenye ruta, inayopata 2.4 kwa nguvu nzuri ya -62 dBm na 5 kwa -80 dBm, ambayo ni dhaifu mno. Ruta inaifukuza kutoka 2.4, tableti inahamia 5, haipati kitu cha maana, inarudi, inafukuzwa tena. Utaona alama ya Wi-Fi ikipotea na kurudi kila baada ya dakika chache. Tableti kama hiyo ndiyo hasa inayohitaji 2.4 iwe na jina lake peke yake.

Ukiamua kutenganisha, usifanye kinyume kama wengi wanavyofanya. Jina la zamani libaki kwenye 2.4, ili printa, plagi na kamera zisiguswe hata moja. Jina jipya lipe bendi ya 5. Kisha ingia kwenye kila simu na kompyuta inayokaa karibu na ruta, iambie isahau jina la zamani. Usipofanya hivyo, baadhi zitang'ang'ania 2.4 na utalaumu mtandao kwamba ni mzito. Simu inayozunguka nyumba nzima iachie majina yote mawili.

Na usiiweke printa kwenye mtandao wa wageni kwa sababu tu unatangaza 2.4 peke yake. Mtandao huo kwa kawaida umetengwa na mwingine, kwa hiyo printa itaunganishwa vizuri kabisa na kompyuta yako haitaiona. Majina mawili ya mtandao mkuu hayana shida hiyo: kompyuta iliyo kwenye 5 itachapisha kwenye printa iliyo kwenye 2.4 kama kawaida.