Peleti si jibu: kwa mnaoanza kutoa protini kwenye utando

Wiki hii nimeoneshwa tena ile jeli. Maganda ya seli nyekundu, yaani utando unaobaki seli ikishapasuliwa, detajenti ya Traitoni X-100 asilimia 1, kwenye barafu, zungusha, protini yote imelala kwenye peleti, kile kinachozama chini ya mrija, na pembeni kalamu imeandika kwa uhakika: "Haiondoki kwa detajenti, kwa hiyo si protini ya utando." Kabla yake kulikuwa na mwingine aliyeandika kinyume chake kwa jeli inayofanana kabisa. Wadogo zangu, nawapenda, ila mtanizeesha. Hebu niyaandike mara moja, halafu nitakuwa nawatumia huu ukurasa badala ya kupandisha sauti.

1. Maganda machafu yatakupa majibu machafu

Pasua seli kwa bafa ya fosfeti ya milimola 5, pH 8, ya baridi, ujazo mara 40 wa seli zilizoshindiliwa. Ile pH 8 ina sababu yake: ukishuka, himoglobini inang'ang'ania bendi ya 3, protini inayovuka utando huu, na maganda yanabaki na rangi ya waridi hata uyaoshe mpaka Idi. Kisha tazama chini ya mrija. Kuna kidonge kidogo kigumu chini ya maganda, mabaki ya seli nyeupe, kimejaa protizi, vimeng'enya vinavyokata protini. Inamisha mrija, maganda yateleze pembeni, ukinyonye kidonge ukitupe. Msipofanya hivyo mnakuja kuniuliza kwa nini spektrini, protini ya mtandao ulio chini ya utando, imegawanyika vipande vipande. PMSF, ya kuzuia protizi, itie dakika ya mwisho. Kwenye maji haidumu.

2. Soma mfuatano kabla ya kushika pipeti

Helisi inapanda nanomita 0.15 kwa kila amino asidi, na sehemu ya mafuta ya utando ina unene wa nanomita 3 hivi. Gawanya: amino asidi 20. Ndiyo maana tunatafuta kipande cha urefu huo kisichopenda maji. Mfano safi kuliko yote mnao kwenye friza, glikoforini A, inayovuka utando mara moja tu:

```
ITLIIFGVMAGVIGTILLISYGI
```

Herufi 23, hakuna hata moja yenye chaji, na mara tu kinapoisha upande wa ndani wa seli zinakuja arijinini mbili. Zile G mbili zilizotenganishwa na herufi tatu, GVMAG, ndipo helisi mbili zinapokumbatiana, na zinakumbatiana kwa nguvu hata ndani ya SDS, detajenti kali ya kwenye jeli. Kwa hiyo ukiona glikoforini kwenye jeli ina uzito maradufu, usilaumu jeli. (Kwa walio Kilifi: kundi la damu la Dantu, lililo la kawaida sana huko, linatokana na jeni mseto ya glikoforini A na B, na seli zake zina utando uliokaza unaompa kimelea cha malaria shida ya kuingia. Kwa hiyo msizione glikoforini kama bendi za mazoezi tu.)

Hata hivyo, grafu ya kompyuta ni dhana. Kipande cha mwanzo kinachoipeleka protini kwenye njia ya kusafirishwa nacho kinafanana na helisi ya utando, na mara nyingi hukatwa na kutupwa. Kwa upande mwingine, bendi ya 3 inavuka utando mara 14, lakini vipande viwili kati ya hivyo si helisi kamili toka upande mmoja hadi mwingine. Grafu inakupa swali la kuipeleka mezani, basi.

3. Nilichokifanya mimi, ili msikirudie

Nilikuwa na protini moja ya kimelea inayokwenda kukaa kwenye utando wa seli nyekundu, kingamwili nzuri dhidi yake, na kiu ya kuwa wa kwanza kusema jambo. Nikayaweka maganda kwenye bafa ya chumvi hafifu mno yenye EDTA milimola 0.1, pH 8, nyuzi 37, nusu saa. Mnajua kinachotokea hapo: spektrini na aktini zinaachia, zinatoka kwenye maji. Hizo ni protini za pembezoni kwelikweli. Zimeshikwa na protini nyingine na chaji, hakuna sehemu yake iliyozama kwenye mafuta. Hoja yangu ilikuwa rahisi: protini yangu ikitoka pamoja nazo, nayo ni ya pembezoni.

Sasa, altrasentrifuji ilikuwa jengo jingine. Unajiandikisha kwenye daftari, unasubiri rota ipoe, unasawazisha mirija kwa mizani, na mwenye mashine anakutazama kama umekuja kuiba. Sentrifuji ndogo ilikuwa pale pale mezani, kwa g 16,000. Nikajiambia, maganda si yanashuka kwa g 20,000? Tofauti ni ndogo. Nikazungusha, nikanyonya maji ya juu mpaka tone la mwisho, nikapeleka kwenye jeli. Protini yangu ilikuwa juu, bendi nene, inang'aa. Kwenye peleti ilibaki kidogo. Nikaandika "ya pembezoni", nikachora mchoro wenye mishale, nikatuma ikisiri ya bango la mkutano. Lile eneo la amino asidi 21 lisilopenda maji, ambalo grafu ilikuwa imelionesha waziwazi, nililiita kelele za programu. Nililiandika hivyo kwenye daftari. Bado lipo, na aibu ninayo.

Kwenye kikao cha maabara sikuulizwa kuhusu protini yangu hata kidogo. Niliulizwa: "Bendi ya 3 iko wapi?" Nikasema iko chini, bila shaka, inavuka utando. "Umeiangalia?" Sikuwa nimeiangalia. Nikaosha ile bloti, karatasi niliyohamishia protini za jeli, nikaweka kingamwili ya bendi ya 3, na jioni ile nikaiona imekaa juu, kwenye maji yangu "safi", pamoja na protini yangu. Protini ambayo haiwezi kutoka kwenye utando bila detajenti ilikuwa imetoka kwa EDTA. Maana yake haikuwa imetoka. Ni utando wenyewe uliokuja juu nayo.

Ganda linashikiliwa umbo lake na mtandao wa spektrini, uliotandazwa chini ya utando kama chandarua. Ukiuondoa, ganda halibaki ganda. Linakatika kuwa vifuko vidogo, vingi vimegeuka ndani nje. Ile kasi inayoshusha ganda zima haitoshi kuvishusha vifuko vyote, na vilivyoshuka vinafanya peleti laini, ya uwazi, isiyoonekana vizuri, ambayo mwenye papara ataivuta kwa ncha ya pipeti akidhani ni maji. Mimi nilifanya yote mawili. Nilikuwa nimepima ukubwa wa vifuko, nikaita matokeo hayo aina ya protini.

Nilirudia kwenye altrasentrifuji, g 100,000, saa nzima, nyuzi 4, na mara hii niliacha tabaka la juu ya peleti bila kuligusa. Spektrini ikabaki juu, bendi ya 3 ikaenda chini, na protini yangu ikaifuata bendi ya 3. Nikaichukua ile peleti, nikaiweka kwenye kaboneti ya sodiamu ya mola 0.1, pH 11.5, barafuni nusu saa, ambayo hufungua vifuko kuwa mabamba na kung'oa vilivyoshikwa kwa chaji. Bado chini. Traitoni ndiyo iliyoipandisha, pamoja na bendi ya 3. Ikisiri niliiondoa kwa barua fupi sana.

Tangu hapo, kila bloti ya aina hii inayotoka mezani kwangu ina mistari miwili ya ziada: bendi ya 3 ya kuonesha utando ulikoenda, na spektrini ya kuonesha kama bafa ilifanya kazi. Ukitumia chumvi ya kawaida, NaCl milimola 150, tumia GAPDH badala ya spektrini, maana hiyo imeshikilia mkia wa bendi ya 3 na kwa chumvi hiyo inaachia. Bila mistari hiyo sisomi jeli yako. Siyo kiburi, siwezi kuisoma.

4. Detajenti haichukui vyote, na inachoacha si lazima kiwe cha pembezoni

Hapa ndipo jeli ya wiki hii ilipopotea. Traitoni inaingia kati ya lipidi, zinatengana, na protini iliyokuwa imezama inavikwa misela, yaani kifundo cha molekuli za detajenti, kuzunguka mkanda wake usiopenda maji. Lakini Traitoni haigombani na vifungo vya protini kwa protini. Ukimwaga Traitoni kwenye maganda, bendi ya 3 nyingi na glikoforini zinapanda juu, huku spektrini, aktini na jamaa zao wanabaki kwenye peleti kama mifupa. Yaani za ndani ya utando zimetoka, za pembezoni zimebaki! Na sehemu ya bendi ya 3 iliyofungwa na ankirini, kiunganishi chake na spektrini, inabaki chini pamoja na mifupa hiyo.

Mfano mkali zaidi ni PfEMP1, ile protini ya Plazimodiamu falsiparamu inayozinatisha seli kwenye kuta za mishipa. Ina kipande cha kuvuka utando, haina ubishi, lakini iliyofika kwenye uso wa seli haitoki kwa Traitoni. Inatoka kwa SDS. Imetia nanga kwenye mifupa ya seli. Kwa kigezo cha "haiondoki kwa detajenti" mngeifuta kwenye orodha ya protini za utando.

Kwa hiyo fuateni mpangilio: EDTA na chumvi hafifu kwanza, g 100,000, kisha Traitoni juu ya kilichobaki. Kinachokataa Traitoni kwenye maganda mazima lakini kinakubali baada ya spektrini kuondoka, kilikuwa kimefungwa tu. Kinachokataa pote pawili, shuku kwamba kimeganda. Protini iliyoganda huzama kila mahali na hujifanya ya ndani ya utando hata kwenye kaboneti. Na kaboneti yenyewe hudanganya upande wa pili: baadhi ya protini zenye helisi moja dhaifu hutoka nayo. Itengeneze siku hiyo hiyo, na pima pH baada ya kuchanganya na maganda, siyo chupani.

Tena, asilimia 1 ya nini? Maganda yaliyoshindiliwa yana takriban miligramu 4 za protini kwa mililita. Mililita moja ya maganda kwa mililita tano za Traitoni asilimia 1 ni miligramu 50 za detajenti kwa 4 za protini; hapo sawa. Mililita moja kwa moja ni 10 kwa 4, na lipidi nazo zinadai fungu lao. Chupa ni ileile, jibu ni jingine.

5. Yaliyobaki, harakaharaka

Detajenti iwe kwenye kila bafa baada ya kutoa, juu ya kiwango chake cha kuunda misela, la sivyo protini inaganda kwenye safu.

Okitili glukosaidi inatoka kwa dayalisisi. Traitoni na DDM hazitoki, msipoteze usiku.

Traitoni inafyonza mwanga wa nanomita 280, kwa hiyo kile kipimo chenu "kizuri sana" cha protini kilikuwa sabuni.

Na protini yenye helisi nyingi msiichemshe kwenye SDS kwa nyuzi 95. Inaganda, inakwama kwenye kisima, halafu mnasema imepotea; nyuzi 37 kwa nusu saa inatosha. Aliyekwisha kuchemsha asikate sehemu ya juu ya jeli kabla ya kupeleka kwenye bloti, maana protini yake iko humo humo anamotaka kutupa.