Mmoja anabana, mwingine anatumia: maswali ya wanandoa kuhusu fedha

Mume wangu ana akiba benki lakini hata hela ya sabuni anaitoa kwa kinyongo. Ni ubahili?

Mara nyingi ni hofu. Aliyekulia nyumba ambayo watoto walirudishwa kutoka shule kwa kukosa ada huhesabu kila shilingi inayotoka kuwa hatari, na akiba ikiongezeka wasiwasi wake haupungui. Usimwite bahili, maana atabana zaidi. Muulize: “Kwenu hela ilipoisha, ilikuwaje?” Kisha muulize akiba ikifika kiasi gani atatulia, naye ataje tarakimu. Bila tarakimu hiyo, hakuna akiba itakayomtosha. Nawe mweleze kununua kunakupa nini: pengine ni furaha ya kuwapa wanao ulichokikosa, au aibu ya kuonekana huna.

Kila mwezi tunapanga bajeti, ikifika tarehe 15 imevunjika. Tunakosea wapi?

Kwa kawaida bajeti hiyo imeandikwa na mwenye kubana, na mwenzake hakuachiwa hata hela ya soda. Atachota kwenye hela ya chakula, tena kwa siri. Kosa la pili ni kusahau malipo yasiyokuja kila mwezi.

Chukua nyumba ya Dar es Salaam inayoingiza 1,400,000 mkononi, mume 800,000 na mke 600,000. Kodi hulipwa miezi sita kwa mkupuo, 1,200,000, kwa hiyo kila mwezi wanatenga 200,000. Chakula 400,000, nauli 160,000, akiba ya ada 150,000, umeme na maji 60,000. Kikoba 100,000, dharura 130,000. Zinabaki 200,000: kila mmoja achukue 100,000 zake. Tunashauri mafungu haya yalingane hata kama mishahara hailingani, la sivyo mwenye kipato kidogo atajiona anaomba.

Hela hizo zihamishiwe kwenye simu ya kila mmoja siku ileile mshahara unapoingia. Zikisubiri mwisho wa mwezi hazitakuwepo. Anayemaliza mapema apewe wiki kwa wiki, yaani 25,000 kila Jumatatu.

Michango ya harusi na misiba ndiyo huvuruga zaidi. Amueni mapema: ya ndugu wa karibu itoke fungu la pamoja kwa kiwango mlichokubaliana, ya marafiki itoke mfukoni kwa mwenye rafiki.

Mke wangu anataka kujua 100,000 zangu zimeendaje. Nimwambie?

Hapana, hulazimiki. Fungu likidaiwa risiti halimsaidii tena yeyote, maana siri zitarudi. Naye akiamua kuweka zake zote kwenye kibubu, usimcheke wala usimkope. Mpaka ni mmoja: fungu hili halizai deni. Ukikopa kwa simu ili kuliongezea, deni hilo linakula hela ya nyumba, na hapo ana haki ya kuuliza.