Fungua shavu kabla hujafungua pochi

Juzi alfajiri nilikuwa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, nasubiri mnada wa vibua, nikamwona kijana mgeni amechuchumaa mbele ya tenga, anawatazama samaki usoni mmoja mmoja kama anayemtafuta ndugu yake. Alipotosheka akaingiza mkono mfukoni atoe hela. Hakugusa, hakunusa, hakufungua shavu hata moja. Nimeona hivyo mara nyingi mwaka huu, na kila mara tumbo linanikata, kwa sababu najua mchana wake utakavyokuwa. Basi wadogo zangu mlioanza biashara hii juzijuzi, nawaandikia ninyi. Ya dalali na ushuru mtafundishana wenyewe. Mimi nazungumzia samaki mzima, aliye mbele yako hajapaliwa, na namna ya kujua ametoka majini lini.

1. Macho ni shahidi wa kwanza, usimfanye hakimu

Samaki wa leo jicho lake limejaa, limechomoza kidogo, mboni nyeusi ya kung'aa, na ngozi ya juu ya jicho ni safi kama kioo. Akikaa, jicho linalala usawa wa kichwa na mboni inaanza kufifia. Akizidi kukaa linadidimia, linakuwa jeupe kama maji ya mchele. Haya kila mtu anayajua, hata wateja wetu, na ndiyo maana tenga hupangwa kwa ajili ya macho.

Nilijifunza hilo Julai 2016. Kusi lilikuwa limeshika kweli, bahari imechafuka, vyombo vingi havikutoka na samaki sokoni walikuwa wa kuhesabu. Nilikuwa nimepokea oda ya arusi Mbagala, changu kilo ishirini na tano wa kukaanga, na malipo ya awali nilikuwa nimeshachukua kwa mama mpishi. Asubuhi ile changu walikuwa kwenye matenga mawili tu. Moja lilitoka kwenye boti lililolala baharini siku tatu likiwa na barafu yake. Samaki wamelazwa ndani ya barafu iliyopondwa, na macho yao yalikuwa na ukungu, ya kijivu. Tenga la pili halikuwa na barafu hata punje. Muuzaji alisema ni wa usiku uleule, wa ngalawa, na waliokuwa juu macho yao yalikuwa yanawaka.

Nikachukua la macho yanayowaka. Shilingi laki mbili na arobaini, nikalipa haraka kabla mwenzangu hajaniwahi. Mama mmoja wa Kigamboni, mkongwe kuliko mimi kwa miaka mingi, alikuwa ameshaliinamia lile la barafu. Nilimwona anachukua samaki wa chini kabisa, anafunua shavu, anasogeza puani. Nikamwonea huruma. Nikajiambia uzee umempofusha, ananunua samaki wa siku tatu.

Nikafika Mbagala saa nne na nusu, bajaji imenichelewesha kwenye foleni, jua limeshakuwa kali. Mpaa samaki akaanza kazi. Wanane wa kwanza walikuwa wazuri sana, damu nyekundu, nyama imekaza. Wa tisa alipochanwa tumbo, mbavu zilichomoza zenyewe, zimeachana na nyama. Aliyefuata tumbo lake lilipasuka kabla kisu hakijazama. Harufu ikajaa ua mzima, na wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakanyanyuka mmoja baada ya mwingine. Tukamwaga tenga lote kwenye turubai. Safu mbili za juu ndizo zilizokuwa za usiku ule. Chini yake wote walikuwa wa jana yake, wamelala bila barafu. Katika kilo ishirini na tano zilipona kama nane.

Mama mpishi hakunifokea. Alinitazama, akafunga kanga yake vizuri, akamtuma mtoto akatafute kuku. Afadhali angefoka. Nilimrudishia hela yake yote na nikamwongezea ya kuku, na mtaji wa miezi mitatu ukaishia pale. Arusi nyingine ya ukoo ule sijaitwa mpaka leo.

Jioni nikarudi Feri kumtafuta yule muuzaji, ameshaondoka. Nikamkuta yule mama wa Kigamboni amebakiwa na changu wanne. Nikamwambia yaliyonipata. Hakusema pole. Alinishika mkono akaniwekea kidole changu mgongoni mwa changu wake.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Nyama ikarudi hapohapo, kama haijaguswa.

"Sasa fungua."

Matamvua yalikuwa mekundu yaliyopauka kidogo, safi, kila uzi umejitenga na mwenzake. Nikanusa. Harufu ya bahari, basi.

"Na macho, mama?"

"Macho yamekaa kwenye barafu siku tatu, mwanangu, yangekuwaje? Barafu inapolala juu ya jicho, jicho linaingia ukungu. Nyama yake huoni ilivyotunzwa?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku zenyewe si hoja, hoja ni joto lililompata. Changu aliyezikwa kwenye barafu tangu anatoka kwenye ndoana anakaa zaidi ya wiki akiwa mzuri wa kula. Huyohuyo ukimwacha kwenye joto la Dar es Salaam mchana na usiku mmoja, ameshaharibika. Kwa hiyo jicho la ukungu kwa samaki wa barafu lisikukimbize. Jicho lililodidimia kwa samaki asiye na barafu likukimbize mara moja. Samaki wa kina kirefu naye jicho linaweza kutoka nje kwa kupandishwa haraka toka chini, na hilo halikwambii lolote kuhusu upya wake.

2. Matamvua

Ukiniambia nichague alama moja tu, nitachagua hii. Pale ndipo damu ipo karibu na hewa, na bakteria huwahi kushamiri, kwa hiyo pale ndipo uzee unapoonekana mapema. Ingiza kidole gumba chini ya kifuniko cha shavu, kifunue mpaka mwisho. Wekundu wa damu mbichi na ute mwembamba unaopitisha mwanga: samaki mpya. Yakianza kuwa ya kahawia, na ute umekuwa mzito, mweupe au wa njano, unavutika kama mlenda: mwache. Ya kijivu au yanayoelekea kijani: usimwache tu, ondoka kwenye meza hiyo.

Angalieni hapa wengi mnapokosea. Maji ya barafu inayoyeyuka huosha rangi, kwa hiyo matamvua ya pinki iliyopauka si lazima yawe mabaya. Kinachoamua ni ute na harufu. Pauko safi lisilo na ute mzito ni la barafu, pauko lenye ute mzito ni la uzee. Na msilinganishe changu na jodari: matamvua ya jodari na vibua huwa meusimeusi mapema kuliko ya changu, hata wakiwa wazuri. Linganisha kibua na kibua. Ukikuta samaki mzima matamvua yameshatolewa na matumbo bado yapo, muulize muuzaji kwa nini alianza na hapo.

3. Pua

Samaki mpya ananuka bahari, ananuka mwani uliolowa. Baadaye harufu hiyo inatoweka, anakuwa hana harufu yoyote, na huyo bado ni mzuri. Kisha inakuja shombo ile ya kukaba, halafu uchachu, na mwisho ule ukali wa kuchoma pua. Papa na taa wawekeni pembeni katika hesabu hii, maana miili yao ina urea nyingi na ukali huo unakuja mapema kuliko kwa samaki wengine.

Baridi huficha harufu, na hapa ndipo ninapowagombeza kila siku. Mnanusa samaki wa barafu, mnasikia ubaridi tu, mnasema yuko vizuri. Omba ruhusa, chomoa kipande cha tamvua, kifumbate kiganjani ukihesabu pole pole mpaka sitini, kipate joto lako. Kisha nusa kiganja. Kama kuna kitu kinafichwa, kitatoka. Na pua huzoea. Ukishakaa soko la ndani saa moja hunusi tena, kwa hiyo toka nje kidogo upande wa bahari, vuta pumzi, ndipo urudi kununua.

4. Kidole

Bonyeza mgongoni, pale nyama ilipo nene, si tumboni. Shimo likijaa papo hapo, mzuri. Likijaa taratibu, mpike leo. Likibaki, mwache. Ukimshika kichwa ukamlaza hewani na mkia haulegei, ujue amekufa karibuni tu na bado amekakamaa. Ukakamavu huo ukiisha mwili unalegea kidogo, lakini hajaharibika, msimkatae kwa hilo. Ila hakikisheni si ugumu wa friza: ganda la barafu utalihisi kwenye ngozi, na akiyeyuka anaachia maji mengi na nyama inabaki tepetepe.

Mwingine wa kuwachanganya ni samaki wa baruti. Matamvua mekundu, macho mazuri, lakini ukimshika analegea kama kitambaa, kwa sababu mshindo umemvunja uti wa mgongo na kumpasua ndani. Ukimchana unakuta damu imeganda kandokando ya uti. Uvuvi huo umekatazwa na sheria, na kumnunua ni kumlipa aliyelipua matumbawe. Mimi simgusi, na ninyi msimguse.

5. Vibua na jodari

Hawa wanaharibikia tumboni kwanza, hasa wakivuliwa wameshiba. Tumbo likiwa laini au limepasuka karibu na njia ya choo, usiangalie kitu kingine. Wakipigwa na joto hujenga sumu iitwayo histamini ndani ya nyama, na moto wa jikoni hauiondoi. Mlaji anawashwa mdomo, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinamgonga. Kwa hawa, ukiwa na shaka usinunue, hata kama mwenye mali anakupunguzia bei.

Yule kijana wa juzi nilimwita kabla hajahesabu hela. Nikamwambia aombe tenga limwagwe. Muuzaji alinuna, lakini dalali alikuwa karibu, akaridhia. Safu ya juu ilikuwa nzuri kweli. Ya tatu, vibua walikuwa na matumbo yaliyofunguka, na ute wa njano kwenye matamvua. Kijana alinusa mmoja, akarudisha kichwa nyuma, akamtazama muuzaji kwa muda bila neno. Kisha akasogea tenga la jirani, akaingiza mkono mpaka chini kabisa, na akaanza na shavu.