Maziwa ya mililita 500, mizani inasema gramu 515

"Wakuu, lebo ya maziwa yangu ya mililita 500 inasema protini gramu 3.2 kwa kila mililita 100. Nimeyapima bila chupa, mizani imeleta gramu 515. Nizidishe kwa 5 au 5.15?"

Kwa 5, mkuu. Lebo imehesabu kwa ujazo, basi nawe gawanya ujazo: 500 ÷ 100 = 5, halafu 3.2 × 5 = gramu 16. Ukitumia 5.15 unapata karibu 16.5, yaani nusu gramu ambayo haimo kwenye chupa.

Mizani yako haijakosea. Maziwa yana sukari yake, protini na madini, vinavyoyaongezea uzito kuliko mafuta yanavyoyapunguzia, kwa hiyo mililita moja ina takribani gramu 1.03. Ndiyo maana laktomita, kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa, huzama zaidi muuzaji akichanganya maji (na huku Dar tunawajua).

Mizani itumie ukinywa kidogo kidogo. Weka kikombe, irudishe sifuri, mimina. Ikisoma gramu 200, gawanya kwa 1.03: ni mililita 194, sawa na protini gramu 6.2. Ila soma lebo vizuri: ikiandika "kwa gramu 100", hapo zidisha kwa 5.15.