Kabla hujamlipa mtu wa programu, kata A4 vipande sita

Wiki hii kijana mmoja kaniandikia. Ana wazo la aplikesheni ya mafundi cherehani, amepata mtu wa kumtengenezea kwa shilingi milioni 4, na anataka nimwambie jambo moja tu: bei hiyo ni ya haki au anapigwa? Bei siijui. Wazo nalijua, maana lilikuwa langu, na sikumlipa mtu wa programu hata shilingi. Nitamjibu hapa hadharani, na ninyi wengine mnaogawana hisa za kampuni kabla ya kupata mteja wa kwanza msome pia.

Mimi niliona hivi: fundi anakuahidi Ijumaa, Ijumaa unakwenda unakuta kitambaa hakijaguswa. Dar nzima ina kisa cha namna hiyo. Kwa hiyo nikawaza aplikesheni ya kumkumbusha fundi tarehe za wateja wake. Rafiki zangu wote wakapiga makofi. Lakini rafiki zangu ni wateja wa mafundi, si mafundi, na mwenye kulipia angekuwa fundi. Ndiyo maana sikusambaza fomu kwenye magroup ya WhatsApp. Ningevuna malalamiko mengi ya watu wasiokusudia kutoa senti.

Nikachukua daftari nikaenda kwa mafundi 12, Mwananyamala na Sinza, nikihakikisha hawakai banda moja, kwa sababu wanaokaa pamoja hujibu kwa sauti moja. Maswali yalikuwa manne na hakuna hata moja lililotaja aplikesheni. Mara ya mwisho nguo ya mteja ilichelewa, ilikuwaje? Oda unaandika wapi, naomba nione? Ni kitu gani mwezi uliopita kilikupotezea hela? Umewahi kulipia chochote ili kukiondoa?

Angalia kwamba yote yanauliza yaliyokwisha kutokea. Ukimuuliza fundi "ungetumia aplikesheni yangu?", wewe ni mgeni umesimama mlangoni kwake, atakujibu "wazo zuri sana mwanangu, Mungu akubariki". Huo ni ustaarabu wake. Usiuandike kama mteja.

Swali la kwanza tu lilitosha kuua wazo langu. Mafundi hawasahau tarehe. Wanajua vizuri kwamba hiyo Ijumaa haiwezekani. Wanapokea kazi kuliko uwezo wa cherehani, hasa kuelekea Idi na Krismasi, kwa sababu kianzio cha mteja mpya ndicho kinacholipa pango na kununua zipu na bitana za mteja wa zamani. Ukimkumbusha mtu kitu anachokikumbuka, unamkera tu.

Kwenye swali la tatu, 9 kati ya 12 walinyoosha kidole ukutani bila kufikiri. Nguo zimekwisha, zimepigwa pasi, zinaning'inia, wenyewe hawaji. Kila moja ina nusu ya hela ya fundi ndani yake. Mama mmoja alinishushia gauni la harusi, akasema, "Dada, hiyo harusi imeshapita, wameshapata na mtoto." Hapo ndipo nilipobadilisha wazo: orodha ya nguo zilizokwisha, hela inayodaiwa kwa kila moja, na kitufe kimoja cha kumtumia mteja meseji.

Sasa michoro ya hiyo aplikesheni, skrini zake kwenye karatasi. Karatasi ya A4 ikigawanywa sehemu tatu kwa upana na mbili kwa urefu inatoa vipande sita vya sentimita 7 kwa karibu 15, ambayo ni simu janja kabisa mkononi. Kipande kimoja ni skrini moja. Nilichora kwa kalamu ya wino mzito, mkono wazi, bila rula. Mtaalamu mmoja wa programu ninayemfahamu alizitazama akaniambia nachora kama mtoto wa chekechea, na watu wakacheka. Haya. Mchoro ukiwa mbaya, mtu anaona bado hujamaliza na anathubutu kukukosoa. Ukimpelekea picha iliyong'arishwa kwenye kompyuta, atasifia rangi. Hata Jeff Hawkins, aliyebuni kompyuta ndogo ya mkononi iitwayo PalmPilot, kabla haijatoka mwaka 1996, alitembea na kipande cha mbao mfukoni akijifanya ndicho kifaa chenyewe. Wacha wacheke.

Unamkabidhi fundi kipande cha kwanza, unampa kazi, kisha unanyamaza. Kazi yangu ilikuwa: "Mama Asha amekuja kuuliza gauni lake, nionyeshe unalipataje." Anapogusa kitufe kwa kidole, wewe ndiye simu: unaondoa kipande hicho na kuweka kinachofuata. Usieleze kitu. Kidole kikisita hewani, andika kimesitia wapi. Akikuuliza "hapa nabonyeza nini?", mrudishie: wewe unadhani ni nini? Kunyamaza huku ndiko kunakowashinda wengi, maana wazo ni lako na ulimi unawasha.

Skrini yangu ya kwanza ilikuwa na majina ya wateja kwa alfabeti. Karibu wote walikwama palepale. Nikakumbuka madaftari niliyoonyeshwa: fundi hukata kipande kidogo cha kitambaa cha mteja, anakibana kwa pini au stepla kwenye ukurasa, vipimo pembeni. Jina linaweza kuwepo au lisiwepo. Anamtafuta mteja kwa kitambaa! Kwenye simu zao namba zenyewe zimehifadhiwa "Mama Kitenge Bluu". Usiku ule nilichora upya, picha ya kitambaa ikiwa juu na jina dogo chini, nikarudi, kidole kikaenda moja kwa moja. Kwenye programu iliyokwisha kuandikwa, badiliko hilo linagusa namna taarifa zinavyohifadhiwa tangu chini, na utalilipia. Mimi lilinigharimu karatasi mbili.

Usiende kwa watu 30 na mchoro uleule. Watano wakikwama mahali pamoja, yatosha. Chora upya, tafuta watano wengine.

Kisha inakuja hatua ambayo watu wanaikimbia, ya kuomba hela. Niliandika kwanza, kabla ya kutoka nyumbani, kwamba wakilipa 4 kati ya 12 naendelea, wakipungua simtafuti mtu wa programu. Nikawaambia: nipe 5,000 ya mwezi mmoja, meseji nitawatumia wateja wako mimi mwenyewe kwa simu yangu. Watatu walitoa. Wawili walisema "njoo kesho". Njoo kesho ni hapana, na mtu asikudanganye kwamba tatu ni karibu na nne. Idadi unaiandika mapema kwa sababu moyo wako ni shahidi wa uongo.

Wale watatu niliwahudumia. Hapo nikajifunza jambo ambalo karatasi haiwezi kukuonyesha: meseji ya tarehe 15 haimleti mtu, kwa sababu hajasahau nguo, hana hela. Zile za mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia, ndizo zilizoleta watu. Mwezi wa pili fundi mmoja akakataa kulipa. Nikamuuliza kama huduma imemchosha. Akasema hapana, ni nzuri, ila amemfundisha binti yake kutuma meseji hizo mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Wawili waliobaki bado nawahudumia kwa simu yangu, na mtu wa programu sijamtafuta.