Ukiitwa kuongea na wasichana wa darasa la sita kuhusu hedhi, usisahau kalenda

Mi ni nesi wa kituo cha afya huku Morogoro, na shule za msingi za jirani huwa zinaniita niongee na wasichana wa darasa la tano mpaka la saba. Haya nawaandikia walimu wa kike, matroni na madada mnaorushiwa hiyo kazi asubuhi asubuhi, mnaambiwa tu "leo kaongee na watoto mambo ya hedhi" alafu hamna hata picha ya kuwaonyesha.

Kabla sijafungua mdomo nagawa vikaratasi. Kila mtu anaandika swali, na asiye na swali anaandika "sina swali", maana wakiandika wachache tu wenzao wanawaangalia na kesho ni vicheko darasa zima. Hakuna jina. Nakusanya kwenye boksi la chaki, nasoma harakaharaka pembeni ndo najua naanzia wapi, na karibu kila shule damu sio swali la kwanza. Wanauliza kuhusu kidonge kigumu chini ya chuchu, kuhusu titi moja kumtangulia mwenzake, kuhusu "uchafu" unaobaki kwenye chupi, na kuna lile linalorudi kila mahali: nikivaa pedi nitakojoaje?

Hilo la mwisho msilicheke. Linakuambia mtoto anadhani mkojo na damu vinatoka sehemu moja, na ukimwacha hivo mengine yote utakayosema hayatakaa. Mi nachora ubaoni matundu matatu, la mbele dogo la mkojo, la katikati ni uke ambapo damu ya hedhi hupita na mtoto huzaliwa, la nyuma ni la haja kubwa. Alafu nawaambia pedi haichomekwi ndani, inabandikwa kwenye chupi, kwahiyo ukienda chooni unashusha chupi na pedi yake unakojoa kama kawaida. Unasikia darasa zima "aaah". Hapohapo namalizia na kujifuta, unatoka mbele kwenda nyuma, usivute uchafu wa nyuma ukauleta mbele.

Kile kidonge chini ya chuchu ndo titi linaanza. Kwa wengi kinatokea kati ya miaka 8 na 13, kinaanza upande mmoja, kinauma ukikigonga, na upande wa pili unaweza kuchelewa miezi kadhaa. Sio kansa (nimeshakutana na mama kamleta binti analia kabisa), na wala haimaanishi kashikwashikwa, maana kuna mitaa bado wanasema hivo na mtoto anachapwa bure. Kutoka hapo mpaka hedhi ya kwanza mara nyingi ni kama miaka 2 hadi 3. Katikati yake vinywele vinaota, jasho linaanza kunuka, chunusi, na urefu unapanda kwa kasi sketi ya mwaka jana haifiki magoti. Alafu miezi kama 6 hadi 12 kabla ya hedhi unakuja ule ute kwenye chupi, mweupe au usio na rangi, ukikauka unaacha alama ya njano kidogo. Huo ndo wanauita uchafu na wengine wanausugua kwa sabuni mpaka ndani, na wapo wanaofundishwa kuweka ndimu jamani. Ndani ya uke hapaoshwi kwa chochote, unajisafisha wenyewe, osha nje kwa maji tu inatosha. Ute ukianza kunuka vibaya, ukawasha, ukawa wa kijani au wa mabongemabonge kama maziwa mgando, hapo aje kituoni.

Ukishawapa mfuatano huo binti anaweza kujikadiria mwenyewe. Matiti yalishaanza darasa la nne, ute umeanza mwaka huu, basi aanze kutembea na pedi moja kwenye begi. Ndo maana mi damu naileta baadaye.

Kuhusu damu yenyewe siendi mbali. Kila mwezi mwili unatandika ukuta laini ndani ya mji wa mimba kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, mgeni asipofika shuka zinatolewa, na hiyo ndo damu. Sio damu chafu, sio mkosi. Kwa ujumla wake hedhi nzima mara nyingi ni vijiko viwili vitatu vya chakula, inaonekana nyingi kwa sababu inasambaa kwenye nguo. Siku ya kwanza inaweza kuwa kahawia kama udongo na mtoto asijue kama ndo yenyewe.

Sasa kalenda. Hapa ndo mada nyingi zinaharibika, coz mtoa mada anasema "mzunguko ni siku 28" anaondoka zake, na mtoto anabaki anasubiri siku ya 28 haioni. Kwa msichana aliyeanza karibuni, miaka miwili mitatu ya mwanzo, mzunguko wa kati ya siku 21 na 45 ni wa kawaida, na mwaka wa kwanza unaweza hata kuruka zaidi ya hapo kidogo, kwa sababu ovari bado hazitoi yai kila mwezi. Na kuhesabu kwenyewe wanakosea, wanahesabu kutoka damu ilipokata. Inahesabiwa kutoka siku ya kwanza ya damu hii mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata.

Mi nachukua kalenda ya ukutani ya mwaka 2026 nazungushia mfano na tunahesabu wote kwa sauti. Binti kaanza hedhi yake ya kwanza kabisa tarehe 4 Februari, imekaa siku 3 ikakata. Machi 4 inafika hakuna kitu. Mama anaanza kumwangalia kwa jicho lile. Damu inakuja tarehe 18 Machi, inakaa siku 6. Alafu kabla hata hajapumzika tarehe 9 Aprili imerudi tena. Februari ina siku 28, kwahiyo kutoka 4 Februari mpaka 18 Machi ni siku 42, na kutoka 18 Machi mpaka 9 Aprili ni siku 22. Nawauliza, huyu ni mgonjwa? Wengi wanasema ndio, wanasema karogwa, wanasema ana mimba. Hana kitu, namba zote mbili zimo ndani ya 21 na 45, na damu haijazidi siku 7. Kuna mabinti wanapelekwa kupimwa mimba na kutukanwa kwa sababu tu ya mwezi mmoja uliovuka, na daftari lenye tarehe tatu lingemtetea. Nawaambia kila mmoja atie alama nyuma ya daftari lake, kinukta tu, asiandike neno, kaka zao hawataelewa.

Kalenda hiyohiyo inajibu lile karatasi linalokuja limekunjwa mara nne, la siku salama. Jibuni, msiruke, kwa sababu mtu mwingine mtaani ameshawajibu. Yai linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi INAYOKUJA, sio siku 14 baada ya iliyopita. Rudini kwa binti wetu, kwenye ule mzunguko wa siku 42 yai kama lilitoka lilitoka karibu na siku ya 28, na kwenye ule wa siku 22 karibu na siku ya 8. Sasa nani angejua kabla? Huwezi kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ambayo haijafika. Mbegu nazo zinaweza kuishi ndani siku kama 5. Na yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwahiyo binti ambaye hajaona damu hata mara moja anaweza kupata mimba. Hiyo sentensi huwa naisema mara mbili.

Pedi wengi wanaijua kwa kuiona kwenye tangazo, kwahiyo naenda na chupi mpya na pedi nafungua mbele yao, naonyesha upande wa gundi unaoshika nguo, mabawa yanakunjwa chini. Abadilishe kila baada ya saa 4 mpaka 6 hata kama haijajaa, asiitupe kwenye choo cha maji, aikunje kwenye karatasi. Pedi 4 kwa siku kwa siku 5 ni pedi 20, na pakiti nyingi ni za pedi 8, kwahiyo ni pakiti tatu kila mwezi, na nyumba yenye mabinti wawili hiyo ni hela kweli. Ndo maana siwezi kusimama mbele yao nikadharau kitambaa. Kitambaa cha pamba kilichokunjwa vizuri kinafaa kabisa, shida ni kinavyotunzwa, kinafichwa chini ya godoro kibichi kwa aibu. Kiloweke maji baridi (ya moto yanagandisha damu), ufue na sabuni, usuuze mpaka maji yawe meupe, uanike juani kikauke kabisa. Kama hataki kionekane atandaze kanga nyepesi juu yake, jua litapita.

Maumivu ya tumbo la chini siku moja mbili za mwanzo yapo, mji wa mimba unajikaza kusukuma. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga inasaidia sana, kutembeatembea pia. Ibuprofeni mara nyingi inafanya kazi vizuri kuliko panado kwa sababu inapunguza kemikali inayokaza huo mji, ila ameze ameshakula, kwa kipimo cha umri na uzito wake, mzazi ajue, na mwenye pumu au vidonda vya tumbo asiiguse bila kumwona daktari.

Alafu nawaachia walimu ukutani mambo ambayo hayasubiri, aje kituoni kama pedi inalowa kabisa ndani ya saa moja au mbili na inaendelea hivo, damu ikizidi siku 7, mabonge makubwa kuliko sarafu, kizunguzungu au kupauka, maumivu yanayomfanya akose shule kila mwezi hata kwa dawa. Pia kama ana miaka 13 na matiti hayajaanza kabisa, au amefika 15 hajaona hedhi, au ilishakaa sawa alafu ikapotea miezi mitatu.

Matroni abaki na mfuko mmoja kwenye kabati ambalo funguo yake haikai kwa mwalimu wa kiume. Pedi, chupi mbili tatu za saizi tofauti, sketi ya shule ya rangi ileile, sabuni, na kopo la kubebea maji chooni. Na wakubaliane msemo wa kuombea ruhusa darasani, shule moja wanasema tu "naomba kwenda kwa matroni" na mwalimu haruhusiwi kuuliza kufanya nini.