Laa ya jinsi: kabla hujamsahihisha mzee wa watu msikitini, soma hapa

Juzi nimepata meseji ndefu wasapu kutoka kwa kijana mmoja anayenifuatilia, kaanza na "Shikamoo ustadha" halafu akamwaga yote kwa mpigo. Anasoma nahau jioni, wamefika mlango wa laa ya kukanusha jinsi, yaani ile inayosema hakuna hata kimoja cha aina hiyo, mwalimu wao kawafundisha kwamba nomino ikiwa imeshikana na neno linaloikamilisha maana lazima iwekewe tanwini, ile sauti ya nuni mwisho wa nomino. Basi yeye baada ya swala akamsikia mzee wa mbele anavuta uradi, "Allahumma laa maani'a limaa a'taita, walaa mu'tiya limaa mana'ta", akamwendea akamwambia mzee hapo umekosea, inatakiwa laa maani'an. Unaweza kupiga picha kilichofuata. Mzee kamwambia dua hii naisoma tangu baba yako hajaoa. Sasa kijana ananiuliza: ustadha, nani yuko sawa?

Mzee yuko sawa. Lakini swali la kijana ni zuri sana, na mimi hili suala la tanwini kupotea baada ya laa lina historia na mimi, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Miaka hiyo niko Tanga, nimemaliza masomo, nimeitwa usaili mahali fulani wanatafuta mwalimu wa kike wa kufundisha mabinti Kiarabu. Msaili mtu mzima, kanzu imenyooka, ananiita binti yangu. Akanipa "laa rayba fiihi", mwanzo wa Baqara, fanya irabu, yaani eleza kila neno limekaaje kisarufi. Nikasema laa ni ya kukanusha jinsi, rayba ni jina lake, mabni juu ya fat-ha, yaani mwisho wake umejengwa haubadiliki, mahali pake ni nasbu. Akatingisha kichwa. Akasema binti yangu, hiyo ni mansubu, Ajurumiyya hukuisoma? Akanisomea na matini yenyewe ya kitabu hicho cha nahau kwa sauti ya darsa: "i'lam anna laa tansibun nakiraati bighairi tanwiinin". Laa inanasibu nakira bila tanwini, yaani fat-ha ni kazi ya laa, unaona? Nikamuuliza kwa adabu, sheikh, kama ni mansubu, tanwini imeenda wapi? Wale wawili pembeni wakacheka. Akasema Kiarabu changu ni cha vichochoroni, na kazi sikupata.

Na jibu langu lilikuwa sahihi, nililisema siku ile na leo nalisema tena.

Hebu tuliangalie taratibu. Nomino ya umoja, nakira, haina "al" mbele wala haikuunganishwa na nyingine nyuma, ikiwa mansubu kwa kawaida inabeba tanwini: ra'aytu rajulan, sio ra'aytu rajula. Sasa ukisema "laa rajula fid daari" na tanwini haipo, lazima kuna sababu. Wengi wa wanazuoni wa nahau, hasa wa Basra, wanasema laa na hiyo nomino zimegandana zikawa kama neno moja, mfano wa khamsata 'ashara, kumi na tano, ambayo nayo haibadiliki mwisho. Wengine wanaongeza kwamba ndani yake kuna "min" iliyofichwa, kana kwamba umesema laa min rajulin, hakuna hata mmoja katika aina yote ya wanaume. Kwa hiyo ile fat-ha sio irabu, ni jengo. Ibn Ajurrum aliyefariki mwaka 1323 aliandika kitabu cha mtoto anayeanza, akafupisha akasema "inanasibu bila tanwini" akapita zake, na wenye sharhe, wanaokifafanua kitabu, ndio wanakuja kukueleza kwamba hapo kakusudia mahali pa nasbu. Halafu kilichonichoma zaidi ni kwamba ipo kauli ya zamani, ya watu wa Kufa na Zajjaj, inayosema kweli ni mansubu na tanwini imeachwa kwa wepesi tu. Yule msaili angekuwa anaijua angenibana vizuri kabisa. Hakuijua. Alikuwa na mstari mmoja wa matini na kanzu.

Haya, tuendelee, nisije nikakesha na huyu mtu.

Unajuaje laa hii ni ya jinsi? Mimi nawafundisha mabinti wangu kwa soko la samaki, maana hapo hamna asiyepajua. Ukisema "laa baai'a fis suuqi", umesema hakuna muuzaji sokoni, aina yote ya wauzaji haipo, pamefungwa, ndoo zimepinduliwa. Huwezi kuendelea ukasema "bal baai'aani", bali wapo wawili, utakuwa umejikanusha mwenyewe. Lakini ukisema "laa baai'un fis suuqi", na dhumma na tanwini, hiyo laa inaweza kuwa ile inayofanya kazi kama laysa, neno la Kiarabu la kusema "si", na hapo inabeba maana mbili: inaweza ikawa unakanusha wote, inaweza ikawa unakanusha mmoja tu, na "bal baai'aani" inapita bila shida. Yaani tanwini ikirudi, lile shaka nalo linarudi. Jaribu kuongeza "bali wawili", ikigoma basi ni ya jinsi.

Sasa hapa ndipo alipoingilia kijana wetu, tukae kidogo. Chukua muuzaji huyo huyo mmoja umbebeshe samaki kwa njia mbili.

"Laa baai'a samakin fis suuqi." Hapa muuzaji ameunganishwa na samaki, mudhafu. Tanwini haipo, ila safari hii haipo kwa sababu ya uunganisho, sio kwa sababu ya kugandana na laa. Hii sasa ndiyo mansubu ya kweli. Sikioni inafanana na ile ya kwanza mia kwa mia, irabu yake ni mbali. Hapa wanafunzi wengi wanateleza kwa sababu wanasikiliza herufi ya mwisho hawaangalii neno linalofuata.

"Laa baai'an samakan fis suuqi." Hapa muuzaji hakuunganishwa, lakini anafanya kazi juu ya samaki kama kitenzi, samaki ndiye anayeuzwa. Huyu wanamwita shabihi bil mudhafu, anayefanana na mudhafu. Maana yake haijakamilika mpaka ufike kwenye samaki, kwa hiyo hawezi tena kugandana na laa, maana mkia wake uko kwa mwingine. Ni mansubu, na hana kinachomzuia tanwini, basi tanwini inatokea.

Kwa hiyo tanwini hapa ni kama fundo la kamba, inakuambia neno limefungwa wapi. Ukiiona juu ya fat-ha, jua nomino imefungwa na neno linaloifuata. Usipoiona, na hakuna mudhafu, jua nomino imefungwa na laa, na maneno yanayofuata ni mambo mengine, mara nyingi ni khabari, yaani kinachosemwa juu ya nomino, au sehemu yake. Wanafunzi mnahifadhi "mufradi, mudhafu, shabihi bil mudhafu", mufradi ndiyo ile iliyo peke yake, kama namba za simu halafu hamuulizi neno linalofuata limeshikana na nani. Uliza hilo. Kila ukikutana na laa, uliza hilo kwanza.

Turudi kwa mzee na uradi wake. "Laa maani'a limaa a'taita", hakuna wa kuzuia ulichokitoa. Kijana kaona "limaa a'taita" inakamilisha maana ya maani'a, kwamba ni mzuiaji wa nini? wa ulichotoa, basi hii ni shabihi, basi tanwini. Hesabu yake kwa kanuni aliyofundishwa iko sawa. Ila dua hii imepokewa kutoka kwa Mughira bin Shu'ba, imo kwa Bukhari na Muslim, na inasomwa bila tanwini. Matini iliyopokewa huigeuzi kwa kanuni uliyoisoma mwezi jana, kanuni ndiyo inayotakiwa ijieleze mbele ya matini.

Na imejieleza, kwa njia mbili. Wanaofuata Basra wanasema "limaa a'taita" haikufungwa na maani'a hata kidogo, imefungwa na khabari iliyofichwa, kana kwamba: hakuna mzuiaji azuiaye ulichokitoa. Mzuiaji amekanushwa aina yote kwanza, mufradi, amegandana na laa, ndipo sentensi ikasema kuhusu nini. Njia ya pili ni ya watu wa Baghdad, wao waliruhusu shabihi aachiwe tanwini akachukuliwa kama mudhafu, na wangekubali hata laa baai'a samakan. Mimi naegemea ya kwanza kwa sababu maana yake ni nzito zaidi, ila siwezi kumgombeza anayechukua ya pili.

Kuna na lingine alilouliza mwishoni, mbona kwenye Baqara aya ya 254, ile kabla ya Ayatul Kursi ambayo watu wengi wanairuka, tunasoma "laa bay'un fiihi walaa khullatun walaa shafaa'atun", tanwini tatu mfululizo? Hapo laa imerudiwa, na ikirudiwa una ruhusa ya kuiacha ifanye kazi au kuinyima. Wasomaji wa Qur'ani Ibn Kathir na Abu Amr wamesoma laa bay'a, laa khullata, laa shafaa'ata, na ukienda Sudan kwenye riwaya ya Duri kutoka kwa Abu Amr utaisikia hivyo. Ila ikitenganishwa na jina lake huna ruhusa tena, tanwini ni lazima, kama "laa fiihaa ghawlun" kwenye Saffat. Na ukitanguliza herufi ya jarri, kama bi, kazi yake inakufa hapo hapo: bilaa zaadin, kasra na tanwini, kama vile laa haipo.

Kijana, nenda kamtake radhi mzee, mbebee na kahawa. Halafu usivunjike moyo wala usione haya, maana hata wakubwa wamekutana na hili fundo. Yusufu alipowaambia ndugu zake "laa tathriiba 'alaykumul yawma", hakuna lawama juu yenu leo, Zamakhshari, ambaye kwa Kiarabu alikuwa bahari, alitaja kwamba "al yawma" inaweza kufungwa na tathriiba. Karne mbili baadaye Abu Hayyan wa Granada akamjia juu: ingekuwa imefungwa nayo, ingesomwa tathriiban. Haikusomwa hivyo. Basi "'alaykum" ndiyo khabari, na "leo" inafungwa na hiyo khabari, au unasimama kwenye 'alaykum halafu unaanza upya, "al yawma yaghfirullaahu lakum", leo Mungu anawasamehe. Vyote viwili, usomaji na maana, vimeamuliwa na nuni moja ambayo haikutamkwa.